Kodi Ikatwe Baada ya Pensheni

Mwalimu wa Bunda, muuguzi wa Musoma au afisa ugani wa Butiama akipokea salari slipu, macho hukimbilia mstari wa chini. Aanzie juu.

Tuchukue mshahara ghafi wa shilingi 800,000. Mchango wa mtumishi kwa PSSSF ni asilimia 5, yaani 40,000. Kodi hutozwa kwenye kinachobaki, 760,000, wala si kwenye ghafi. Shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kodi. Zinazofuata 250,000 hutozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Zilizobaki 240,000 hutozwa asilimia 20, ambayo ni 48,000. Jumla ya kodi ni 68,000.

Ukikuta 78,000, kodi imekokotolewa kabla ya kutoa pensheni. Umepunjwa 10,000 kila mwezi, 120,000 kwa mwaka.

Bima ya afya, asilimia 3, inachukua 24,000. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hapa 120,000. Mkononi zinabaki 548,000. Linganisha salio la mkopo mwezi hadi mwezi: lisiposhuka, au likiisha na makato yakaendelea, kuna kosa.

Makato ya chama au mkopo usiyoyatambua, dai fomu uliyosaini. Peleka hesabu yako kwa maandishi kwa afisa utumishi, ukiambatanisha slipu za miezi husika, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.