Mtama, Kwelea na Kipanga: Kutunga Maswali ya Ikolojia Yanayomtaka Mwanafunzi Abashiri

Mada kwa walimu wa Biolojia, Matinyani, Kitui

"Eleza maana ya mtandao wa chakula." Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hulijibu swali hili kwa sentensi aliyokariri, na mwalimu hubaki hajui kama anaweza kuusoma mtandao wenyewe. Mada hii inapendekeza njia nyingine: mpe mtandao mdogo, vuruga sehemu moja, kisha mwulize kitakachofuata.

Mfano unaofaa uko shambani. Kwelea na panya hula mtama. Nyoka hula panya. Kipanga hula kwelea na nyoka. Mishale ichorwe kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, kwa kuwa huko ndiko nishati inakoelekea.

Sasa kwelea wanapuliziwa dawa, kama serikali ilivyofanya Kisumu mwaka 2023 walipovamia mpunga. Panya wataongezeka au watapungua?

Swali likiishia hapo, lina kasoro, kwa sababu majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Kipanga akibaki hai, atakosa kwelea na kuwageukia nyoka. Nyoka watapungua na panya wataongezeka. Lakini fenthioni, dawa inayotumika dhidi ya kwelea, huweza kumuua pia ndege anayekula mizoga yao. Kipanga wakifa, nyoka watazidi na panya watapungua.

Kwa hiyo mtungaji aeleze hali zote mbili na adai utabiri wa kila moja. Aliyekariri kwamba "mwindaji akipungua, mawindo huongezeka" atanaswa katika hali ya pili: kipanga wamepungua, lakini panya, walio hatua mbili chini yao, wamepungua pia. Alama moja iende kwa mwelekeo, mbili kwa njia aliyoifuata mshale kwa mshale. Mwelekeo peke yake mtu anaweza kuubahatisha.

Mtandao huohuo unafaa kwa nishati. Chukulia asilimia 10 huvuka kila ngazi. Kilojuli 10,000 za mtama zikipitia kwelea, humfikia kipanga 100. Zikipitia panya na nyoka, humfikia 10. Usiulize hesabu hiyo tu, maana mwanafunzi atagawanya kwa 10 bila kufikiri. Uliza: mtama wote ulioachwa na kwelea ukiliwa na panya, je, eneo hilo litalisha kipanga wengi kama awali? Hapana, kwa kuwa ngazi moja imeongezeka. Swali litaje kuwa asilimia 10 ni makadirio. Ndege na panya hutumia nishati nyingi kutunza joto la mwili, na kinachovuka huwa kidogo zaidi.

Kabla ya mtihani, swali lijaribiwe kwa kufuta mchoro. Ikiwa wanafunzi bado wanapata alama zote, swali linapima kumbukumbu na litungwe upya.