Kwa Nini Tiketi ni 2,000 Tu: Maelezo ya Kamati ya Usalama wa Tamasha

 

Mmetuuliza kwa nini tiketi za tamasha la harambee ni 2,000 tu, na uwanja wa shule unaonekana kumeza watu 5,000. Jibu liko kwenye uzio.

Wataalamu wa viwanja hukadiria kwamba mahali tambarare, upana wa mita 1 hupitisha watu wapatao 82 kwa dakika, na kwamba dharura ikitokea wote wawe nje ndani ya dakika 8, au chini ya hapo. Sisi tuna geti kubwa la mita 4 na kigeti cha mita 1. Lazima tupange kana kwamba geti kubwa limezibwa, kwa sababu huenda moto ukawa hapo hapo. Kigeti peke yake kitatoa watu 656 kwa dakika 8. Hao wengine je? Mnakumbuka Tabora, Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walivyokufa sikukuu ya Idd katika ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi.

Kwa hiyo tutafungua uzio upande wa magharibi, nafasi mbili za mita 2 kila moja. Hapo, hata bila geti kubwa, tuna mita 5: watu 410 kwa dakika, na 2,000 wanatoka kwa dakika 5 hivi. Nafasi hizo zitakuwa na walinzi na taa zenye jenereta yake. Bodaboda na meza za mahindi, tafadhali, mbali.

Kuingia ni kwa geti kubwa, mistari minne, kuanzia saa 9 alasiri. Ukaguzi wa mtu mmoja ukichukua sekunde 8, wote wanaingia kwa saa moja na dakika chache. Muziki ni saa 11.

Hema la huduma ya kwanza litakuwa kando ya njia ya gari la wagonjwa, si nyuma ya jukwaa. Walinzi wa mbele wataangalia umati: ukianza kuyumba kama wimbi, au watu wakishindwa kuinua mikono, msimamizi wa jukwaa atasimamisha muziki papo hapo, awe anaimba nani.

Kila mtoto atafungwa utepe mkononi wenye namba ya simu ya mzazi. Akipotea, atakaa hema la akina mama na watu wazima wawili, kamwe si mmoja. Hatutatangaza jina wala nguo zake kwenye spika, maana yeyote angeweza kuja kumdai. Mzazi ndiye atakayetutajia hayo, nasi tutatazama kama mtoto anamtambua.

Michango ya ukurasa unaofuata italipia taa, tepe na kurudisha uzio. Atakayefika tiketi zimekwisha hataingia, hata akiwa mjomba wa mwenyekiti.