BARUA INAYOTANGULIA MAOMBI YETU YA GHALA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa ushirika)



Nimetakiwa nieleze habari ya ile barua itakayokwenda kwa mfadhili siku ya Ijumaa, pamoja na maombi yetu ya fedha za kujenga ghala la mahindi. Wapo waliouliza, na ni haki yao kuuliza: andiko la mradi limekwisha, bajeti imekwisha, sasa barua nyingine ya nini? Na kwa nini Jumanne kamati ilikaa mpaka usiku kwa ajili ya karatasi moja?

Ndugu, maombi haya hatuyapeleki kwa mkono. Yanakwenda kwa barua pepe. Andiko, bajeti na karatasi nyingine zinafungwa chini ya barua, ndivyo viambatisho. Afisa anayepokea anafungua barua kwanza. Na kazi yake ya mwanzo siyo kupima kama ghala letu ni zuri. Anatazama kama maombi yametimia: wanaoomba ni akina nani, wanaomba kiasi gani, kwa kazi gani, na karatasi zilizotakiwa zipo zote au hazipo. Asipoyaona hayo upesi, anaweza kuyaweka maombi yetu kando kabla hajafika kwenye ghala.

Kwa hiyo barua yenyewe ni fupi. Nawasomea ilivyo sasa:

"Ndugu Afisa wa Miradi. Tunaleta maombi ya ruzuku ya kujenga ghala la kuhifadhia tani 100 za mahindi. Ushirika wetu una wanachama 140, wanawake 86 na wanaume 54. Gharama yote ya mradi ni shilingi 48,000,000. Tunaomba kwenu shilingi 36,000,000. Sisi wenyewe tunachangia shilingi 12,000,000, yaani fedha taslimu 4,000,000 zilizopo benki, na matofali, mchanga na nguvu kazi vyenye thamani ya 8,000,000. Kazi itachukua miezi 8. Tumeambatisha karatasi 5: andiko la mradi, bajeti, cheti cha usajili, muhtasari wa mkutano mkuu wenye sahihi, na taarifa ya benki ya miezi 6. Kwa maswali, tafadhali pigeni simu kwa Katibu, namba iko hapa chini."

Basi, imekwisha. Hakuna hadithi ya shida zetu humo. Panya na dumuzi wanaokula mahindi yetu wameelezwa ndani ya andiko, huko ndiko mahali pao.

Sasa nije kwenye jambo la Jumanne. Barua ya kwanza ilisema tunaomba 39,000,000. Bajeti ilisema 36,000,000. Mnaona? Kosa lilitoka wapi? Hakuna aliyeiba. Hapo mwanzo tulitaka mfadhili atununulie matofali ya shilingi 3,000,000. Mkutano mkuu ukakataa, mkasema matofali 10,000 tutafyatua na kuchoma wenyewe. Kwa bei ya shilingi 300 kila moja, ndiyo hiyo 3,000,000. Ikaondoka upande wa mfadhili, ikaja upande wetu. Mchango wetu ukapanda kutoka 9,000,000 kufika 12,000,000. Mhasibu alirekebisha bajeti. Barua ilikuwa imeandikwa kabla ya mkutano, ikabaki na hesabu ya zamani.

Hesabu ya kuligundua kosa hili ni ndogo, hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Fedha tunazoomba, jumlisha na mchango wetu, lazima upate gharama yote. Chukueni 39, ongezeni 12: ni 51. Lakini gharama ni 48! Ziko milioni 3 zisizo na mwenyewe. Afisa akiona hivyo atawaza mambo mawili: ama hawa hawajui hesabu yao, ama kuna mtu ametengeneza nafasi ya kula. Na hawezi kutuchagulia hesabu iliyo sahihi. Chukueni 36 na 12: ni 48. Hapo tumekaa sawa.

Tangu siku hiyo tumeweka utaratibu. Mmoja anasoma barua kwa sauti, mwingine ameshika viambatisho. Kila namba ikitajwa, huyu wa pili anaweka kidole pale ilipo katika karatasi. Namba isiyo na mahali pa kuweka kidole inatoka.

Jambo jingine ni huo mchango. Baadhi yenu mlitaka tuandike tu, "tunazo shilingi 12,000,000." Hapana, ndugu zangu. Afisa atafungua taarifa ya benki akute milioni 4 na ushei, atatuona waongo, kumbe sisi tumetoa jasho. Nguvu ni mchango wa kweli, lakini iandikwe kama nguvu na ionyeshwe ilivyohesabiwa: watu 40, siku 20, shilingi 5,000 kwa siku, ndiyo 4,000,000. Matofali 3,000,000. Mchanga safari 20 kwa 50,000, ndiyo 1,000,000. Jumla 8,000,000. Hesabu hiyo imo katika bajeti, na barua inataja jumla tu.

Nimalizie na safari ya barua yenyewe. Muhtasari wa mkutano ulikuwa umepigwa picha kwa simu, kurasa 6, na kila picha ilikuwa nzito. Barua ya Gmail haibebi zaidi ya MB 25. Mzigo ukizidi, inaweka mahali pake kiungo cha Google Drive, na afisa akikibonyeza anaweza kukuta mlango umefungwa, anaambiwa aombe ruhusa. Kwa hiyo tumeziskani upya pale steshenari, kurasa zote katika faili moja la PDF, rangi nyeusi na nyeupe. Mafaili yamepewa majina yanayofuata mpangilio ule ule wa barua: 01_Andiko.pdf, 02_Bajeti.pdf, na kuendelea mpaka 05.

Saa nayo ina mtego. Tangazo linasema mwisho ni 5:00 PM, saa za Afrika Mashariki. Mmoja wetu alisoma "saa 5", akadhani ni saa tano usiku. Siyo! Ni saa 11 jioni. Kwa hiyo Katibu ataondoka na gari la asubuhi, na barua itumwe kabla ya saa 6 mchana, ili umeme ukikatika tubaki na muda.

Nakala itakwenda kwa Mwenyekiti na Mhasibu. Mhasibu atafungua kila kiambatisho kwenye simu yake, aone kinafunguka na ndicho chenyewe. Katibu naye asiondoke steshenari upesi. Barua ikishindwa kufika, mara nyingi hurudi ujumbe ulioandikwa Mail Delivery Subsystem. Maana yake anwani ina kosa au mzigo umekataliwa, na dawa yake ni kusahihisha na kutuma tena hapo hapo.

Ndugu wanachama, mmetoa shilingi 4,000,000 mifukoni mwenu. Anayetaka kuiona barua kabla haijaondoka, ipo kwa Mhasibu mpaka Alhamisi jioni. Njooni na vidole vyenu.