Simu Inapokataa Kupakua: Angalia Saa Kwanza

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa familia mpya hapa Small Heath)



Leo nazungumzia ujumbe mmoja unaotokea kwenye simu na kompyuta, ambao wengi mnatuletea ofisini mkidhani mtandao umekatwa au akaunti imefungwa. Unataka kupakua fomu, barua ya miadi au programu, kisha kioo kinajaa onyo: "Your connection is not private". Maana yake ni kwamba mazungumzo yako na tovuti ile si ya siri. Chini yake kuna maandishi madogo, kama NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Programu nyingine hazitaji sababu kabisa. Zinasema tu "Something went wrong", yaani kuna kitu kimeharibika, au zinadai huna mtandao wakati waifai inaonekana vizuri.

Siku hizi jambo hili linagusa hadhi yako ya kuishi hapa. Kadi nyingi za BRP ziliisha muda tarehe 31 Desemba 2024, na sasa uthibitisho wako uko kwenye akaunti ya eVisa. Mwajiri au mwenye nyumba akitaka kujua kama unaruhusiwa kufanya kazi au kupanga, unaingia kwenye akaunti hiyo na kumtolea namba ya kumpa. Kifaa kikikataa kufungua ukurasa, unashindwa kumwonyesha. Ukilazimisha kupita onyo bila kujua sababu, unaweza kumpa mwizi neno lako la siri.

Tuanze na kinachofanyika nyuma ya kioo. Wengi wetu tumepitia vituo vya ukaguzi na tunajua afisa anavyoshika kitambulisho. Kwanza anaangalia tarehe: je, kimeanza kutumika, na je, hakijaisha? Pili anaangalia muhuri: je, umetolewa na ofisi anayoijua? Simu yako inafanya hivyo hivyo. Kila tovuti salama ina cheti chake, chenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na sahihi ya shirika lililokitoa. Ndani ya simu kuna saa, na kuna orodha ya mashirika makubwa yanayoaminiwa. Hayo makubwa yana vyeti vyao wenyewe, vinavyoitwa vyeti vya mzizi, kwa sababu vyeti vingine vyote vinachipuka kutoka kwao.

Sasa fikiria afisa mwenye kalenda ya mwaka mwingine ukutani. Kitambulisho chako ni halali, lakini yeye anakikataa. Au fikiria afisa mwenye orodha ya mihuri ya miaka kumi iliyopita, nawe umekuja na muhuri mpya. Katika hali zote mbili kadi haina kosa. Kosa liko mezani kwake, na ndiyo maana kubadilisha neno la siri au kufungua akaunti nyingine hakusaidii.

Tuchukue kalenda kwanza, kwa mfano wa laptopu ya msaada. Imekaa kabatini miezi mingi bila umeme, kisha inafika nyumbani kwako. Unaiwasha, unaunganisha waifai, na hakuna tovuti inayofunguka. Angalia pembeni mwa kioo, chini kulia: imeandikwa Januari 2016. Kwa kompyuta hiyo, cheti cha tovuti kilichotolewa mwezi uliopita kitaanza kutumika miaka mingi ijayo, kwa hiyo inakikataa. Dalili kubwa ni kwamba karibu tovuti zote zinakataa kwa pamoja. Kivinjari cha Chrome mara nyingi kinakwambia wazi: "Your clock is behind", yaani saa yako iko nyuma.

Fungua Settings, kisha "Time & language", kisha "Date & time". Washa "Set time automatically" na bonyeza "Sync now". Kompyuta itauliza saa kwenye mtandao kwa njia isiyohitaji vyeti, kwa hiyo onyo lile haliizuii. Lakini kuna jambo linalowachanganya wengi. Kwa kawaida huduma ya saa ya Windows ya nyumbani haikubali kurekebisha tofauti inayozidi saa 15. Ikiwa kompyuta iko nyuma kwa miaka, inaweza kukataa msaada huo. Basi zima ile ya kujiweka yenyewe, weka mwaka, mwezi, siku na saa kwa mkono, kisha iwashe tena na ubonyeze "Sync now". Funga kivinjari, kifungue upya, na ujaribu kupakua.

Kama kesho ukichomoa waya tarehe inarudi 2016, kuna kibetri kilichokufa ndani. Kompyuta nyingi zina betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032 ya volti 3, ambayo kazi yake ni kutunza saa wakati mashine imezimwa. Ni betri ya bei ndogo, na fundi anaweza kuibadilisha. Laptopu nyingine hazina kibetri hicho na hutegemea betri kubwa, kwa hiyo mwambie fundi atazame kabla hujanunua. Mpaka ibadilishwe, utalazimika kurekebisha saa kila inapozimika kabisa.

Kwenye simu ya Android nenda Settings, System, "Date & time", na uache saa na eneo vijiwekee vyenyewe. Hapa sisi Waswahili tuna mitego miwili. Wa kwanza ni hesabu yetu ya saa. Sisi tunasema saa nne asubuhi, simu inaandika 10:00. Anayeweka 4:00 ameirudisha nyuma saa sita. Wa pili ni simu iliyobaki na eneo la Nairobi huku mwenyewe akisogeza mishale ili ifanane na saa ya Birmingham. Kioo kinaonyesha saa sahihi, lakini ndani simu inaamini kwamba dunia iko nyuma saa tatu wakati wa baridi, au mbili wakati wa kiangazi. Makosa ya saa chache mara nyingi hayavunji vyeti, kwa sababu cheti hudumu wiki au miezi. Yatakusumbua pale tovuti inapokuwa imepata cheti kipya asubuhi ileile. Ndiyo maana tatizo hilo huja na kuondoka bila mtu kuelewa.

Sasa tuje kwenye orodha ya mihuri. Hapa saa iko sawa, baadhi ya tovuti zinafunguka, lakini nyingine zinakataa kila siku. Maandishi madogo yanabadilika, yanasoma NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, yaani aliyetoa cheti hajulikani. Hii ni dalili ya kifaa kizee, na wengi wetu tumekuja na simu tulizonunua Kampala, Nairobi au Bukavu miaka mingi nyuma.

Kisa chake kinajulikana. Kuna shirika linaloitwa Let's Encrypt, linalotoa vyeti bure, na mamilioni ya tovuti duniani yanavitumia. Lilipoanza, mzizi wake uitwao ISRG Root X1 haukuwa kwenye simu za watu, hivyo likategemea pia sahihi ya mzizi mkongwe, DST Root CA X3. Mkongwe huyo aliisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Siku hiyo vifaa vingi vya zamani duniani viliamka havizitambui tovuti vilizozifungua jana yake. Kwa ajili ya simu za Android, shirika lilipata sahihi ya nyongeza, nayo ikaisha tarehe 30 Septemba 2024. Android ilianza kubeba mzizi mpya kwenye toleo la 7.1.1, la Desemba 2016. Simu iliyo chini ya hapo haina muhuri huo kwenye orodha yake.

Kwa hiyo fungua Settings, "About phone", "Android version", na usome namba. Kisha tafuta "System update" na upakue kila kinachotolewa. Kama hakuna kitu kipya, mtengenezaji ameshaiacha simu hiyo. Wengine walisaidiwa na Firefox, kwa sababu kivinjari hicho hubeba orodha yake chenyewe bila kutegemea ya simu. Lakini msaada huo unaishia ndani ya kivinjari. Programu nyingine kwenye simu ileile zitaendelea kukataa. Ushauri wangu ni kwamba mambo ya eVisa na benki yahamie kwenye kifaa kipya zaidi, na simu kuukuu ibaki ya kupiga na kupokea. Kwa upande wa kompyuta, Windows hupata mizizi mipya kupitia mtandao na "Windows Update", kwa hiyo usiizime huduma hiyo ili kuokoa bando.

Mtu anaweza kukushauri urudishe tarehe nyuma hadi 2021, kabla mzizi haujaisha. Haifai. Vyeti vya leo vitaonekana havijaanza, na utakuwa umeongeza tatizo la kalenda juu ya tatizo la muhuri.

Je, kama saa ni sahihi na kifaa ni kipya? Zima waifai na ujaribu kwa data ya simu. Onyo likitoweka, shida iko kwenye waifai ile. Mara nyingi ni waifai ya mgahawa au hospitali inayotaka kwanza ukubali masharti yake kwenye ukurasa wa kuingilia. Inaweza pia kuwa mtu amekaa katikati akijifanya ndiye tovuti. Onyo likibaki kwa tovuti moja tu, hata kwenye simu ya jirani, basi mara nyingi wenye tovuti wamechelewa kufanya upya cheti chao. Hapo huna la kurekebisha, subiri.

Katika hali nyingi kati ya hizi kuna kitufe "Advanced", na chini yake maneno "Proceed to" na jina la tovuti, na mara nyingi neno "unsafe". Usikibonyeze kwenye ukurasa unaokuomba neno la siri, pasipoti au kadi ya benki. Na usikubali kuweka cheti ulichotumiwa kwa WhatsApp ili onyo liondoke. Mwenye mzizi ulioukubali anaweza kujitengenezea cheti cha tovuti yoyote na kusoma unachoandika. Mwaka 2019 serikali ya Kazakhstan iliwaambia wananchi waweke cheti chake cha mzizi kwenye simu zao, na mwezi Agosti Google na Mozilla wakakizuia katika vivinjari vyao kwa sababu hiyohiyo.

Ukikwama, piga picha ya kioo kizima kwa simu nyingine, ile saa ya pembeni na maandishi madogo ya chini vionekane. Andika jina la waifai uliyokuwa unatumia, kisha uje na picha hiyo pamoja na kifaa chenyewe na chaja yake. Tukiona herufi DATE tutaanza na saa, na tukiona AUTHORITY tutaanza na umri wa simu.