Hasara Kwanza, Kiasi Baadaye: Mazungumzo kwa Anayejiandaa Kufanya Biashara ya Kwanza ya Fedha za Kigeni Mtandaoni



Wengi wanaofika mezani kwetu wakiwa tayari wamefungua akaunti huja na swali moja: tununue sarafu gani? Leo tutaliweka swali hilo kando. Tutazungumza juu ya mambo mawili yanayoamuliwa kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua au kuuza, nayo ni kiasi cha biashara yenyewe na mahali ambapo hasara itakatwa. Kwa maoni yetu, mambo haya mawili ndiyo yanayoamua kama akaunti itaishi miezi sita au siku sita, hata kwa mtu mwenye jicho zuri la kusoma soko.

Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja wa hapa Kenya aliyeweka dola 500 kwa dalali mwenye leseni. Kwa shilingi 130 kwa dola, hizo ni shilingi 65,000. Anataka kununua yuro kwa dola, biashara inayoonekana kwenye skrini kama EURUSD, na bei ya kununua ni 1.1000. Dirisha la kuagiza lina kisanduku kilichoandikwa Volume, na ndani yake imekwisha kujazwa namba fulani. Mara nyingi namba hiyo si ndogo. Mwalimu hakuichagua yeye, lakini asipoigusa ndiyo itakayotumika.

Tuseme kisanduku kinasoma 0.50, yaani nusu loti. Loti moja ni yuro 100,000, hivyo mwalimu anakaribia kununua yuro 50,000, zenye thamani ya dola 55,000, ilhali ana dola 500 tu. Je, inawezekana? Inawezekana. Kanuni za Kenya za mwaka 2017 zinamruhusu dalali kumkopesha mteja hadi mara 400 ya fedha zake, na kwa kiwango hicho biashara ya dola 55,000 huhitaji dhamana ya dola 137.50 pekee. Mfumo utaikubali bila kusita. Hapo ndipo wengi hupotoka: huona kwamba dhamana inatosha, wakadhani kwamba biashara inawatosha. Dhamana hueleza kiasi ambacho dalali yuko tayari kukukopesha. Haielezi hata kidogo unachoweza kumudu kupoteza.

Tazameni kinachofuata. Bei za sarafu hupimwa kwa sehemu ndogo ambayo wafanyabiashara huiita pipu. Kwa yuro na dola ni tarakimu ya nne baada ya nukta. Bei ikishuka kutoka 1.1000 hadi 1.0999, imeshuka pipu moja. Kwa yuro 50,000, pipu moja ni dola 5. Dalali naye hununua kwako kwa bei ya chini kidogo kuliko ile anayokuuzia. Tuseme tofauti ni pipu mbili. Basi sekunde ile biashara inapofunguliwa, kabla soko halijasogea popote, mwalimu amekwisha kuwa nyuma kwa dola 10. Yuro ikishuka pipu 40, jambo ambalo kwa sarafu hizi hutokea katika siku ya kawaida isiyo na habari yoyote kubwa, atakuwa amepoteza dola 200, yaani asilimia 40 ya akiba aliyoleta.

Sasa tugeuze mpangilio. Aanze na hasara.

Hatua ya kwanza ni kuamua ni fedha ngapi zitapotea ikiwa biashara hii moja itakwenda vibaya. Sisi hupendekeza kwa anayeanza isizidi asilimia moja ya fedha zilizomo kwenye akaunti. Kwa mwalimu wetu hizo ni dola 5. Wapo wanaotucheka kwa kusema kiasi hicho ni kidogo mno, nasi huwajibu kwa hesabu. Kupata hasara kumi mfululizo si ajabu kwa mtu anayejifunza. Anayehatarisha asilimia moja ya kilichobaki kila mara, baada ya hasara kumi atakuwa na dola 452 kati ya 500. Anayehatarisha asilimia kumi atabaki na dola 174, na ili arudi alikoanzia itambidi azizalishe hadi zikaribie mara tatu. Wa kwanza amejifunza jambo kwa gharama ya dola 48. Wa pili hana tena akaunti ya maana ya kujifunzia.

Hatua ya pili ni kutafuta mahali pa kutokea, na mahali hapo pasichaguliwe kwa kutazama mfuko. Mwalimu ana sababu ya kununua: ameona kwamba kwa siku tatu yuro imeshuka mara kadhaa hadi karibu 1.0965 na kila mara ikapanda tena. Basi sababu yake itakuwa imekufa bei ikivuka hapo kwenda chini. Anaweka kikomo chake cha hasara chini kidogo, kwenye 1.0960, akiandika namba hiyo katika kisanduku cha Stop Loss. Kutoka 1.1000 hadi hapo ni pipu 40. Kama angeweka kikomo pipu kumi tu kwa sababu anaogopa, angetolewa na mtikisiko wa kawaida wa soko, kisha bei ingepanda bila yeye.

Hapa pana jambo dogo linalowakosesha wengi. Chati katika programu nyingi huonyesha bei ya kuuzia peke yake. Anayenunua huingia kwa bei iliyo juu ya ile anayoiona imechorwa. Pima umbali wako kuanzia bei utakayonunulia hasa, si kuanzia mstari wa chati, la sivyo hasara halisi itazidi ile uliyopanga kwa pipu moja au mbili kila mara, nawe utadhani umeibiwa.

Hatua ya tatu sasa ni hesabu tu. Gawanya hasara unayoikubali kwa umbali wa kikomo:

```
5 ÷ 0.0040 = 1,250
```

Jibu ni yuro 1,250. Dalali wengi hukubali kiasi cha chini cha 0.01 ya loti, yaani yuro 1,000, kisha 2,000, na kuendelea hivyo. Kwa kuwa 1,250 haipo, mwalimu hushuka hadi 1,000, hapandi. Anaandika 0.01 kwenye Volume, na kikomo kikifikiwa atapoteza dola 4. Kama dalali hutoza ada kwa kila biashara, ada hiyo nayo iingizwe ndani ya zile dola 5. Linganisheni 0.01 hii na ile 0.50 iliyokuwa kwenye kisanduku: ni mtu yuleyule, soko lilelile na wazo lilelile, lakini hatari moja ni mara hamsini ya nyingine.

Tuseme sasa mwalimu angekuwa na dola 100 tu. Asilimia moja ni dola 1, na hesabu ingetoa yuro 250, kiasi ambacho dalali wake hakikubali. Watu wengi wakifika hapa husogeza kikomo karibu ili namba zikubaliane. Hilo ni kosa, kwa sababu mahali pa kutokea hutokana na sababu ya biashara, na sababu haikubadilika. Jibu la hesabu hiyo ni kwamba biashara hii haimfai kwa fedha alizonazo. Asubiri nyingine ambayo kikomo chake kiko karibu kwa haki, au atafute akaunti inayokubali viwango vidogo zaidi.

Vilevile, anayenunua yuro kwa dola na pauni kwa dola kwa wakati mmoja, mara nyingi amefanya biashara moja mara mbili, kwa maana zote mbili zinategemea dola ishuke. Asilimia moja yake igawanywe kati ya hizo mbili.

Tumeulizwa mara nyingi: kama kikomo kipo, kwa nini tusichukue kiasi kikubwa na kuweka kikomo karibu? Jibu limo katika tukio la tarehe 15 Januari 2015. Tangu Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imeahidi kwamba haitaruhusu yuro ishuke chini ya faranga 1.20. Wafanyabiashara wengi walinunua yuro karibu kabisa na bei hiyo, wakaweka vikomo vya hasara pipu chache chini yake, wakaona wamejikinga. Asubuhi ile benki ilitangaza kwamba imeiacha ahadi hiyo. Katika dakika chache yuro ilikuwa chini ya faranga 1.00. Hapakuwa na wanunuzi katikati, hivyo vikomo vilitekelezwa kwa bei ya kwanza iliyopatikana, mbali sana na pale vilipowekwa.

Mwenye yuro 1,000 aliyeuziwa kwa faranga 1.00 alipoteza faranga 200, zaidi ya dola 200 kwa bei ya siku hiyo. Ni pigo, lakini akaunti ya dola 500 ingebaki na zaidi ya nusu. Mwenye yuro 50,000 alipoteza faranga 10,000. Kama akaunti yake ilikuwa na dola 500, alimaliza siku akidaiwa. Baadhi ya madalali wenyewe walifilisika kwa sababu wateja hawakuweza kulipa. Kikomo cha hasara, basi, ni agizo la kuuza bei ikifika mahali fulani. Hakiahidi kwamba atakuwepo wa kununua mahali hapo. Kiasi cha biashara ndicho kinachokulinda siku kikomo kinaposhindwa. Mruko wa namna hiyo, ingawa mdogo, huweza kutokea pia kati ya Ijumaa soko linapofungwa na kufunguliwa kwake mwanzoni mwa juma, na dakika ambazo takwimu kubwa za uchumi hutangazwa.

Mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika biashara za namna hii hupoteza fedha. Ikapunguza mkopo hadi mara 30 kwa sarafu kuu, na kuwakataza madalali kumdai mteja wa kawaida zaidi ya alichoweka.

Kabla ya biashara ya kwanza, chukueni karatasi muandike bei ya kuingia, bei ya kikomo, kiasi cha biashara na hasara mnayoitarajia. Biashara ikifungwa kwa hasara, andikeni kando yake hasara iliyotokea. Mwalimu aliyepanga dola 4 akipoteza 4.20, soko lilisogea kidogo wakati agizo likitekelezwa, na hilo ni la kawaida. Akipoteza 9, ama alikisogeza kikomo chini bei ilipokikaribia, ama bei iliruka kikomo, ama dalali wake hutekeleza maagizo vibaya. Karatasi pamoja na historia ya akaunti zitaonyesha ni lipi kati ya hayo. Ikiwa ni la mwisho, tuleteeni nakala za vyote viwili. Na kabla ya kuweka hata shilingi ya kwanza, someni mkataba mtafute sentensi inayosema kama dalali anaweza kuwadai zaidi ya fedha mlizoweka. Msipoiona, muulizeni kwa maandishi, na jibu lake mlihifadhi.