Mkato Unapoangukia: Namna ya Kufupisha Kikao Bila Kumdhulumu Msemaji



Kifungu cha 196 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake kwa uwazi na liwashirikishe wananchi. Ndiyo maana vikao vya kukusanya maoni vimekuwa vingi, na vingine vinarekodiwa. Lakini rekodi ya saa tatu hutazamwa na wachache mno. Wengi wanaona klipu ya dakika chache iliyowafikia kwenye simu, na hiyo ndiyo inayokuwa kikao chenyewe machoni mwao. Aliyeachwa nje ya klipu ni kama hakwenda. Aliyekatwa vibaya yuko pabaya zaidi, kwa kuwa amesemeshwa jambo ambalo hakulisema.

Mnaukumbuka mdahalo wa kwanza wa wagombea urais, tarehe 11 Februari 2013. Walisimama watu wanane: Uhuru Kenyatta, Raila Odinga, Musalia Mudavadi, Peter Kenneth, Martha Karua, James ole Kiyiapi, Paul Muite na Mwalimu Mohammed Abduba Dida. Ukimwuliza mtu leo anakumbuka nini, aghalabu atakutajia maneno ya Raila kwamba ni vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka Hague. Maneno hayo yalisemwa kweli, na yalistahili kusikika. Ila mhariri akiyachukua hayo na jibu la Uhuru peke yake, mdahalo wa watu wanane unageuka wa watu wawili, na hakuna neno hata moja la uongo lililoingizwa.

Sasa tuje nyumbani, Mvita. Nitatunga mfano, tuufanyie kazi pamoja. Tuseme kimefanyika kikao Mji wa Kale kuhusu kuzuia magari yasipite Ndia Kuu. Kimechukua dakika 180, wamesema watu 14, na tunataka video ya dakika nane, yaani sekunde 480.

Wengi hudhani uadilifu ni kugawa muda kwa kadiri mtu alivyosema. Hebu tupige hesabu. Maafisa na mwenyekiti wamechukua dakika 95. Kwa mgao huo watapata zaidi ya dakika nne katika nane. Mama muuza mahamri aliyesema dakika moja na nusu atapata sekunde nne, ambazo hazitoshi hata salamu. Mgao huu unampa zaidi aliyekwisha kupewa. Tukigawa sawasawa, kila mmoja anapata kama sekunde 34, na afisa aliyeeleza mpango wenye sehemu nne atatoka na sehemu moja tu, aonekane hakujiandaa.

Ninachopendekeza ni kuanza na kiwango ambacho hakuna atakayeshuka chini yake. Kila mmoja apewe sekunde 20. Hizo ni 280. Sekunde 200 zilizobaki ziende kwa wenye hoja zaidi ya moja, au wenye hoja iliyofungwa na sharti. Zisipotosha, refusha video. Usimtoe mtu.

Lakini muda ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Uzito uko pale mkato unapoangukia. Msikilizeni mzee mmoja wa kikao chetu cha kutunga:

“Mimi sipingi magari kuzuiwa. Watalii wakija, biashara itachangamka, na watoto watapita salama. Lakini mgonjwa wangu usiku nitamtoa vipi? Tukiwekewa njia ya ambulensi, mimi nitakuwa wa kwanza kutia saini.”

Ukikata kabla ya “lakini”, mzee anaunga mkono mpango. Ukianzia kwenye “lakini” na kuishia kwenye swali, anaupinga. Ukichukua sentensi ya mwisho peke yake, hatutajua kwa nini anataka ambulensi. Watu wa pwani tuna adabu yetu ya kusema: tunaanza kwa kumpa mwenzetu haki yake, ndipo tunatoa letu, na mara nyingi sharti ndilo linalokuja mwisho. Mhariri mwenye haraka huchukua mwanzo kwa sababu ndio uliotulia, au katikati kwa sababu ndipo sauti ilipopanda. Hapa ni lazima tupate sababu moja ya kukubali, swali la mgonjwa, na sharti. Kati ya sababu ya watalii na ya watoto, inatosha kuchagua moja.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa programu ya kuhariri, kikao kizima kisikilizwe na liandikwe jedwali: saa ya rekodi, jina, anataka nini, kwa sababu gani, kwa sharti gani. Safu ya sharti ndiyo inayookoa watu. Ikiwa imejazwa kwenye jedwali na haisikiki kwenye klipu, klipu hiyo imeharibika, hata kama ni tamu.

Kuna dhuluma nyingine inayofanywa na mashine. Mwenyekiti ana kipaza sauti mkononi. Akina mama walioketi nyuma wanasikika kwa mbali, na mtazamaji anawachukua kama watu wasio na uhakika. Kila klipu isawazishwe sauti peke yake kabla ya kuunganishwa. Kwa programu ya ffmpeg, klipu ya mzee wetu inatoka hivi:

```
ffmpeg -ss 00:41:12 -to 00:41:50 -i kikao.mp4 -c:v libx264 -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=11 -ar 48000 -c:a aac mzee.mp4
```

Wengine hutumia `-c copy` ili kazi iishe upesi. Njia hiyo hainakili picha kuanzia mahali popote upendapo. Hurudi nyuma hadi kwenye fremu kamili iliyotangulia, na pengine ikabeba maneno ya msemaji wa kabla. Nimeona mtu akiwekewa mkia wa sentensi ya hasimu wake kwa sababu hiyo tu. Usawazishaji nao una mpaka wake: hupandisha maneno pamoja na mvumo wa feni. Pasiposikika, weka maandishi chini ya picha.

Mkato wa katikati ya maneno uonekane. Wahariri hupenda kuuficha kwa picha ya msikilizaji anayetikisa kichwa, na kichwa hicho huenda kilitikiswa saa nzima baadaye, kwa jambo jingine. Katika Mji wa Kale adhana itakuumbua: ikiwa inasikika nyuma ya msemaji, kisha ikaruka ghafla, kila mtu atajua kuna kitu kimetolewa. Ni bora fremu chache nyeusi, na saa ya rekodi pembeni ya picha, ili anayetia shaka aende mwenyewe dakika ya 41 akasikilize.

Kazi ikiisha, mtafute mtu ambaye hakuwepo kikaoni, mwonyeshe mara moja, halafu umwulize: yule mzee anataka nini? Jibu lake lilinganishe na jedwali. Akisema “anapinga”, rudi ukakate upya. Msemaji mwenyewe naye aonyeshwe klipu yake. Ana haki ya kurekebisha maana. Hana haki ya kuomba litolewe neno alilolisema hadharani akalijutia.

Na yupo atakayebadili rai mbele ya kikao: dakika ya 20 amekataa, dakika ya 150, baada ya kumsikia mzee, amekubali. Huyo achukuliwe mara mbili, kwa mpangilio wa saa zilivyokwenda, na maneno ya mzee yawe katikati.