Kidole Kilichokatwa na Mtu Aliyejikata

Nitaeleza habari ya herufi moja. Ni herufi e ambayo Kifaransa huiongeza mwishoni mwa neno. Mara nyingi haitamkwi kabisa, ila inapokosewa, maandishi yote hutiliwa shaka.

Mji wetu wa Arusha una sababu zake za kuijali herufi hiyo. Kuanzia miaka ya 1990 hadi mwisho wa 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilisikiliza kesi zake hapa, katika Jumba la Mikutano, na Kifaransa kilikuwa moja ya lugha zake mbili za kazi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia kwetu mwaka 2007. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kifaransa kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi, na mwaka uliofuata Kongo ikajiunga. Tuna pia vijana wanaowaongoza wageni Wafaransa na Wabelgiji mlimani, nao huandika taarifa wanaporudi. Nimewafundisha wengi wao. Makosa nitakayoyaeleza nimeyaona kwenye madaftari yao, na mengine kwenye maandishi yangu mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi.

Tuanze na mlima. Taarifa hii nimeitunga, lakini njia yake ni ya kweli. Mgeni wetu ni mama mmoja aliyelala kwenye kibanda cha Saddle, mita 3,570 juu ya usawa wa bahari, baada ya kupanda kutoka lango la Momella na kulala usiku wa kwanza Miriakamba. Saa saba za usiku aliamka: Elle s'est levée. Akavaa: Elle s'est habillée. Akanawa mikono: Elle s'est lavé les mains. Walipofika Rhino Point aliketi juu ya jiwe: Elle s'est assise sur une pierre. Wakati wa kuteremka akategua kifundo cha mguu: Elle s'est foulé la cheville.

Sentensi ni tano, na zote zina s'est. Mtendaji ni yule yule mwanamke mmoja. Tatu zimebeba e ya kike, mbili hazina. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba vitenzi rejeshi huchukua être, na kwamba penye être umbo timilifu hupatana na kiima, ataandika lavée na foulée kwa moyo mweupe. Amefuata alichofundishwa, ila alichofundishwa ni nusu ya jambo.

Kwa maoni yangu mzizi wa kosa uko hapo. Être ya vitenzi rejeshi ni vazi tu. Ndani yake kanuni inayotenda kazi ni ile ya avoir. Kanuni ya avoir haiulizi nani alitenda. Huuliza nani au nini kilitendwa, na kama kimeshatajwa kabla hatujafika kwenye umbo timilifu. Mshairi Clément Marot aliieneza kwa shairi katika karne ya 16, akiwatazama Waitaliano.

Msikilizaji wa Kiswahili hana haja ya kuistaajabia, kwa sababu analo jambo linalofanana nayo kinywani mwake. Tunasema nimeandika barua, na kitenzi hakina alama yoyote ya barua. Ila barua ikitangulia, tunasema barua nilizoandika, na ile -zo- inazifuata barua. Mfaransa naye husema j'ai écrit les lettres, bila kuongeza kitu, halafu les lettres que j'ai écrites, akiongeza es kwa ajili ya barua zilizotangulia. Kila lugha ina njia zake, lakini tabia ni moja: yambwa ikipita mbele, kitenzi huitambua.

Sasa turudi kwa mgeni wetu. Katika Elle s'est levée, nani aliyeinuliwa? Ni yeye, na yeye ndiye s' iliyotangulia. Yambwa tendwa imeshapita, ni ya kike, basi e inakuja. Katika Elle s'est lavé les mains, kilichooshwa ni nini? Mikono. Mikono imetajwa mwishoni, baada ya umbo timilifu, kwa hiyo lavé linabaki kama lilivyo. Ile s' haikuondoka, ila kazi yake imebadilika: sasa ni yambwa tendewa, yule ambaye mikono ni yake. Kifundo cha mguu ni vivyo hivyo. Na kama kiongozi akitaka kuandika kifundo alichokitegua kilivimba, kifundo kinapita mbele na upatanisho unarudi: la cheville qu'elle s'est foulée. Tazameni vizuri hapo. Ile e si ya mama, ni ya kifundo, kwa kuwa cheville ni jina la kike. Angetegua kidole cha mkono, le doigt, tungeandika le doigt qu'elle s'est foulé, na mwanamke ni yule yule.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi kipimo kinachotoka katika Kiswahili chenyewe. Lugha yetu ina kauli ya kutendea, ambayo Kifaransa hakina. Mama akijinunulia gauni, tunasikia ile -li- ndani ya kujinunulia, na masikio yanatuambia kwamba ji- si kilichonunuliwa bali ni yule aliyenunuliwa gauni. Kwa hiyo: Elle s'est acheté une robe, bila e. Wakipigiana simu, -pigi- inatuonya: Elles se sont téléphoné, bila chochote. Lakini wakionana hakuna kutendea, nao ndio walioonwa: Elles se sont vues. Kipimo hiki huokoa makosa mengi, kwani masikio yetu yamezoea tofauti ambayo Mfaransa mwenyewe huitafuta kwa kutafakari.

Lakini kipimo kina mahali kinapovunjika, na ni mahali penye hatari zaidi: viungo vya mwili. Tunasema mbwa amemuuma mtoto mguu. Kitenzi kimembeba mtoto, kwa -mu-, na mguu umefuata nyuma kama sehemu tu ya mtoto. Hakuna kutendea hapo. Kwetu, kiungo kikiumia ni mtu mzima aliyeumia. Ndiyo maana tunasema amejikata kidole, na ji- inasikika kama yambwa kamili. Mwanafunzi akilihamisha umbo hilo, ataandika Elle s'est coupée le doigt, na kwa mantiki ya Kiswahili hajakosea. Kifaransa kinamkataza kwa sababu kinaona vingine: kilichokatwa ni kidole, mtu ni mwenye kidole tu. Elle s'est coupé le doigt. Kidole kisipotajwa, mtu anarudi kuwa aliyekatwa: Elle s'est coupée. Na kikitajwa kwa kihusishi, kama mahali pa jeraha, mtu bado ndiye yambwa tendwa: Elle s'est coupée au doigt. Kwa hiyo kwenye viungo vya mwili nawaambia wanafunzi waache kipimo cha kutendea, watazame kama kiungo kimefuata kitenzi moja kwa moja.

Kuna pia vitenzi vichache ambavyo Kiswahili huvifanya elekezi na Kifaransa huviwekea à. Sisi humdanganya mtu. Mfaransa husema mentir à quelqu'un. Sisi humfuata mtu kwenye cheo. Yeye husema succéder à quelqu'un. Basi wakidanganyana, ils se sont menti, na marais wakifuatana katika kiti kimoja, ils se sont succédé. Vya namna hii havina njia ya mkato, ni kujifunza kila kitenzi pamoja na à yake. Na vile ambavyo haviwezi kusimama bila se, kama s'évanouir, kuzimia, karibu vyote hupatana na kiima: mgeni wetu akizimia, elle s'est évanouie.

Nimeacha s'asseoir hadi sasa kwa makusudi, kwa kuwa linagusa kazi ya mahakama kuliko mengine. Kwanza, ni miongoni mwa machache ambayo upatanisho wake unasikika. Levé na levée hutamkwa sawa. Mwandishi wa kumbukumbu hawezi kusaidiwa na sikio. Assis na assise ni tofauti, kwani s ya mwisho huamka na kusikika kama z. Anayesema elle s'est assis anajulikana papo hapo.

Lakini la pili ndilo zito. Kiswahili husema ameketi kwa maana mbili: tendo limetimia, na hali inaendelea. Kifaransa huzitenga. Elle est assise ni hali, yuko kitini. Assise hapo ni sifa, wala hakuna se. Elle s'est assise ni tendo, alitoka wima akaketi. Chukueni shahidi anayesema kwa Kiswahili: Mama alikuwa ameketi walipoingia. Mkalimani akisema elle était assise quand ils sont entrés, tunaelewa kwamba mama alikuwa kitini tangu kabla. Akisema elle s'est assise quand ils sont entrés, mama aliketi pale walipoingia, labda kwa hofu, labda kwa amri. Na akisema elle s'était assise, ametaja tendo lililokwisha kabla ya wao kuingia, bila kuahidi kwamba bado alikuwa ameketi. Upatanisho ni sahihi katika sentensi zote tatu, e iko mahali pake, na bado mbili kati yake zingebadilisha alichokisema shahidi.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea sentensi yenye ameketi, siangalii kwanza e yake. Namwomba aniambie kwa Kiswahili mtu huyo alikuwa katika mkao gani dakika moja kabla. Akijibu kwamba alikuwa wima, tunachukua s'asseoir na se yake, halafu ndipo tunauliza nani aliyetendwa. Akijibu kwamba alikuwa tayari kitini, tunaifuta se kutoka kwenye ukurasa, na assise inabaki pale pale ikimfuata mama kama sifa yoyote nyingine.